Chupa ya Mizizi

Asubuhi baada ya dada yangu Gaudiosa kupasuliwa, mama mkwe wake aliingia wodini na chupa ya mizizi ya kushikisha mimba. Miaka yote alimnywesha uchungu ule, akimwita mgumba.

Gaudiosa alimwomba daktari aseme mbele yetu sote.

“Mimba ilishika,” daktari alisema, “ila ilinasa kwenye mrija wa uzazi, ukapasuka. Tumeutoa. Uliobaki nao una makovu. Mara nyingi chanzo ni kisonono au klamidia isiyotibiwa, na mwanamke anaweza asisikie dalili yoyote.”

Gaudiosa alimgeukia mumewe, Isidori. “Sema.”

Isidori aliinamisha kichwa. Mwaka waliooana, baada ya kuuza kahawa, aliteremka ziwani kununua usipa, dagaa wa kule. Aliporudi, mkojo ukawa unamchoma. Akachomwa sindano kwa siri, akapona.

“Na mkeo je?” nilimfokea. “Yeye ulimpa nini?”

“Usipa.”

Mama yake alifungua chupa, akamimina kikombe mpaka pomoni, akampa mwanawe.

“Kunywa wewe.”