Fulana Sitini za Buluu

Mjomba alinipa mwezi mmoja wa majaribio, na mwezi wenyewe ulikuwa unaishia siku ninayoisimulia. Kazi yangu ilikuwa orodha. Kila mgeni wa safari ya kutwa mbugani, kabla hajapanda gari, nilipaswa kusimama mbele yake na kumsomea: nguo za rangi gani, darubini iko wapi, kofia, mafuta ya jua, hati. Orodha naijua hata kinyumenyume. Shida ilikuwa kuitoa mdomoni. Mbele ya wageni sauti yangu huingia tumboni na kujifungia mlango. Basi mwezi mzima nilikuwa nakagua mabegi kwa macho na kuonyesha kwa kidole, kama mtu anayechagua nyanya.

"Orodha inataka mdomo," mjomba aliniambia siku moja kabla. "Kesho meneja wa hoteli anakuja na wageni wake watano, kutujaribu. Akiridhika, wageni wake wote ni wetu. Wewe usiposema, Jumatatu unarudi kwa mama yako. Kidole hata mimi ninacho. Ninavyo kumi."

Jioni hiyohiyo mkazamjomba aliingia ofisini na mafurushi mawili. Fulana sitini, buluu iliyokolea, mikono myeusi. Mgongoni kulikuwa na jina la kampuni na picha ya twiga, ila fundi alimfupisha shingo ili aenee, akawa kama punda mwenye madoa.

"Kesho kila mtu avae," alisema mkazamjomba.

Niliweka kidole kwenye orodha ukutani, mstari wa kwanza: vaa kaki, kahawia au kijani kilichofifia; nyeupe inaonekana mbali na inashika vumbi; buluu na nyeusi usivae kabisa, zinaita mbung'o.

Aliusoma. "Hiyo ni habari ya nguo," akasema. "Hizi si nguo, mwanangu. Hizi ni tangazo."

Mjomba alitazama orodha, akamtazama mkewe, akakumbuka ana miaka ishirini na miwili kwenye ndoa. "Tangazo," alikubali.

Asubuhi, kabla jua halijachomoza, wageni walifika wamevaa vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Walikuwa wametumiwa orodha kwenye simu na wameifuata: mashati ya kaki ya mikono mirefu, suruali za kahawia, viatu vya kufunika vidole. Mkazamjomba akawavua mashati hayo mmoja mmoja kwa tabasamu, akawavisha fulana, kisha akanitupia mashati.

"Yafungie kabatini. Yasijaze gari."

Niliitikia kwa kichwa, nikayatia kwenye begi, na begi nikalisukuma chini ya kiti cha nyuma cha gari. Kunyamaza nako kuna faida zake. Hakuna anayekuuliza umeweka wapi.

Yaliyobaki nilikagua kwa kidole kama kawaida. Meneja alikuja na darubini nene kama chupa mbili za chai. Darubini ya kukuza namna ile, gari likinguruma tu, picha inatikisika, simba anacheza ngoma. Nikampa yetu ndogo, ya kukuza mara nane. Kulikuwa na mama mmoja mcheshi, kofia yake haina kamba; nikaifunga kamba, maana paa la gari likifunguliwa upepo hauombi ruhusa. Nikawaonyesha wapake mafuta ya jua palepale, kabla ya kuondoka, na wasisahau masikio na kisogo. Meneja alikuwa na picha ya kitambulisho kwenye simu. Nikagonga kidole kwenye mstari wa mwisho: hati yenyewe, si picha. Alirudi hotelini kuifuata huku akinung'unika.

"Huyu binti ni bubu?" aliuliza aliporudi.

"Anajiandaa," alisema mjomba, akanikata jicho.

Mjomba alikaa mbele; mimi nilipanda nyuma, na bahasha ya hati mapajani. Dereva, ambaye wote tunamwita Breki, alikuwa na shati lake la kahawia la kila siku. Fulana aliikataa. Alimwambia mkazamjomba ana mzio wa matangazo.

Getini askari wa wanyamapori alizikagua hati, zote zimo, kisha akachungulia ndani. Aliangalia zile fulana kwa muda mrefu. Nyuma yake, mtini, kilining'inia kitambaa cha buluu na cheusi kilichopakwa dawa. Ni mtego wa mbung'o.

"Leo mmetuletea mitego inayotembea," alisema. "Karibuni sana."

Mjomba alicheka. Alidhani anasifiwa.

Nusu saa baadaye tuliingia kwenye vichaka, na mbung'o wakaja kama walioalikwa. Mbung'o hupenda kitu kinachokwenda, na hupenda buluu. Sisi tulikuwa buluu inayokwenda. Fulana nyepesi kwao ni kama mlango uliofunguliwa. Yule mama alijipiga shavu lake, kisha akampiga meneja mgongoni, pa, palepale juu ya twiga. Breki alifunga paa na madirisha, lakini waliokwisha ingia waliingia.

"Ni wachache tu leo," alisema mjomba huku akijikuna kwapani. "Mkitulia hawana neno."

"Kwako hawana neno? Mbona unaruka?" aliuliza mama.

"Mbona dereva hawamgusi?" aliuliza meneja. Breki alijifanya anasoma barabara. Meneja akaumwa na mbung'o shingoni. "Basi! Geuza gari. Nimeshaona ya kutosha. Nikiwaleta wageni wangu huku watanishtaki."

Mjomba alifungua mdomo, mbung'o akataka kuingia, akaufunga. Nikaiona Jumatatu. Nikamwona mama yangu ananipokea mlangoni bila kuuliza kitu. Na mashati yako hapa, chini ya makalio yangu.

"Vueni nguo!" nilipiga kelele.

Breki alikanyaga breki. Mjomba aligeuka polepole, kama mtu aliyesikia kabati likiongea.

"Fulana," nikasema. Nilikuwa nimeanza, na kurudi kulikuwa mbali kuliko kuendelea. "Zinaita mbung'o. Mstari wa kwanza wa orodha. Mashati yenu ninayo hapa. Badilisheni humuhumu, maana kushuka garini ni marufuku. Wanaume watazame kushoto, wanawake kulia. Breki, wewe tazama mbele!"

Nilivuta begi. Walivaa kaki zao harakaharaka, na fulana zote nikazibana kwenye sanduku la vinywaji, kifuniko juu. Mimi yangu nilikuwa nimeivaa juu ya shati langu, lakini mjomba hakuwa na shati jingine. Alitoka nyumbani akiwa ni tangazo tupu. Akabaki na singlendi, na kitumbo kimekaa mapajani kama abiria wa tisa.

Tulipovuka vichaka, mbung'o walipungua, nikawasomea orodha yote kwa kichwa, tangu rangi mpaka hati. Baada ya saa mbili nikawaamrisha wapake tena mafuta. Karibu na kichuguu alichokalia duma, Breki alizima injini, meneja akainua darubini ndogo, na duma akatulia ndani yake bila kutikisika. Meneja aliishusha darubini taratibu. Kisha akasema, "Wiki ijayo naleta kumi na wawili. Lakini orodha asome huyu."

"Huyo huyo," alisema mjomba ndani ya singlendi yake. "Si nilikwambia alikuwa anajiandaa?"

Tukitoka getini, yule askari alituuliza kama zile fulana zimebaki nyingi. Vitambaa vya mitego vilikuwa vimewaishia.

Sasa zinaning'inia mitini mbugani, zaidi ya hamsini, twiga na shingo zao fupi. Mkazamjomba huwaambia watu kwamba kampuni yetu peke yake ndiyo yenye matangazo ndani ya mbuga.