Simu ya Mama Mkwe

Mama mkwe aliingia dukani akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyekuja kudai haki. Fundi simu, mume wa binti yake, akajua kimenuka. Hii ilikuwa mara ya tatu. Kioo cha simu yake alishakibadilisha mara mbili, na kila mara aliapa mbele ya mkewe kwamba kazi imekwisha. Sasa mkewe alikuwa amemwambia wazi: simu ya mama ikirudi tena, yeye ataanza kupeleka simu yake kwa fundi mwingine, jirani wa ng'ambo ya barabara. Kwa fundi, hiyo ilikuwa talaka ya kitaaluma.

Mama alieleza masaibu. Simu ilijifungua yenyewe, ikampigia mwenyekiti wa mtaa, na jana ilituma kikaragosi kinachogaragara kwa kicheko kwenye kundi la rambirambi. Wamemtoa kundini. Mashemeji wanasema ana mapepo.

Fundi aliichomeka kwenye chaja yake ya mezani, ile nzuri, anayopimia simu zote. Ikatulia tuli. Alitaka kusema ni uzee, akameza.

"Leo siondoki," alisema mama, akatoa chaja yake kwenye mkoba. "Ichomeke kwa hii, ninavyofanya nyumbani."

Fundi hakuwahi kumwambia mteja yeyote aje na chaja. Akaichomeka, akaweka kidole. Kioo kikapagawa: herufi zikajiandika, kurasa zikaruka kule asikogusa. Akachomoa waya, ikatulia. Akachomeka, ikapagawa.

Moyo ulimruka kwa furaha. Akachomoa chaja ukutani, akaibandua kwa bisibisi. Ndani, kwenye kibao cha saketi, kulikuwa na nafasi mbili tupu: alama za vifaa vya kuchuja umeme zimechapwa, vifaa vyenyewe havipo.

Akawageukia wateja wawili waliokuwa wakisubiri, akapanda mimbari. Kioo, alisema, kinatambua kidole kwa kupima chaji ndogo mno ya umeme. Chaja iliyo kamili huchuja uchafu wa umeme kabla haujafika kwenye simu. Hii haichuji, kwa hiyo ukigusa, uchafu unachanganyika na kile kioo kinachokipima, nacho kinadhani vidole viko kila mahali. Hakuna pepo wala kioo kibovu.

"Aliyekupa hii, mama, ni tapeli," alimalizia. "Hana haya. Angekuwa mbele yangu ningemtemea."

Mama mkwe alifunga mkoba wake taratibu.

"Ulinipa wewe," alisema. "Siku uliyokuja kuposa."

Wateja wakatazama sakafu kwa heshima kubwa. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Aliwaza kusema kwamba labda ilibadilishwa, lakini mama alikuwa akimtazama tu, hana haraka.

"Ni kweli, mama," alisema. "Nilichukua ya bei rahisi. Nilidhani hutajua."

"Nilijua siku ile ile," alisema mama. "Binti yangu ndiye aliyesema nikuvumilie. Sasa nipe simu nimpigie, halafu mwambie mwenyewe."