Kiti cha Jenoveva

Halmashauri ya kijiji cha Ujamaa cha Nyamitende, upande wa Bugwema, ilikutana asubuhi baada ya uji. Ajenda ilikuwa moja: mbuzi wameingia shamba la pamba la kijiji na kula mistari mizima. Katibu, Ursula, alipanga viti vya wajumbe, kisha akaweka kingine peke yake mbele ya meza, kwa ajili ya Jenoveva, mjane aliyetuhumiwa kuwa mwenye mbuzi.

"Huyo yuko Kiriba, anauguza mama yake," alisema Thadeo, mwenyekiti. "Tuendelee."

"Ameambiwa kuna shauri juu yake?" Ursula aliuliza.

"Ataambiwa uamuzi."

Thadeo ndiye aliyeleta mashtaka na ndiye aliyeongoza kikao. Shahidi alikuwa shemeji yake, Masatu, ambaye pia alikuwa mjumbe. Masatu alisema amewaona mbuzi kwa macho yake, kisha akanyoosha mkono kupiga kura kwamba maneno yake ni kweli. Wakaamua Jenoveva afukuzwe kijijini, na kiwanja chake cha karibu na kijito apewe mwanakijiji mwenye juhudi. Mwenye juhudi alikuwa Masatu.

Wajumbe wakasimama. Kile kiti cha mbele ya meza nacho kikajikung'uta vumbi na kumfuata Thadeo nyumbani.

Kilikuwa kiti cha kawaida cha mninga, mguu mmoja mfupi kidogo, kwa hiyo kilitembea kwa kuchechemea. Marieta, mke wa Thadeo, alikiona kinaingia uani.

"Baba Wanzagi, mgeni wako anakula?"

"Hicho ni kiti."

"Nimeona. Nauliza kama kinakula."

Hakikula. Kilikaa tu upande wa pili wa meza, kikamtazama Thadeo akimaliza ugali na sato. Jumapili kilienda naye kanisani, kikasimama kwenye njia ya katikati, na padri akakiomba kisogee ili watu wapite. Thadeo alipopanda basi la Bunda kwenda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kondakta alisema kiti kitalipiwa nauli kama abiria.

"Lakini hakina mtu!"

"Ndiyo maana, mzee. Kingekuwa na mtu, ningemdai mtu."

Thadeo alijaribu kukikalia. Kilisogea pembeni, naye akakaa chini mbele ya wakulima waliokuwa kwenye foleni ya mizani. Wakamsalimia kwa heshima na kumwacha huko huko chini.

Jenoveva aliporudi kutoka Kiriba alikuta Masatu amevunja jiko lake na ameanza kuchimba msingi. Hapo ndipo alipojua kwamba ameshtakiwa, ameshindwa na amefukuzwa.

"Kosa langu nini?" alimwuliza Masatu.

"Lilishaamuliwa," Masatu alijibu, akaendelea kuchimba.

Jenoveva hakupiga kelele. Alienda kulala kwa Ursula, akafikiri mpaka alfajiri, kisha akaenda mahakamani Bunda. Hakimu alimsikiliza, akasema hana uwezo wa kutengua uamuzi wa halmashauri. Hilo ni la Mahakama Kuu. Jaji angekuja Musoma kwa kikao. Jenoveva akawasilisha maombi yake, akasubiri.

Siku ya shauri, Thadeo alifika Musoma amevaa kaunda suti, kiti nyuma yake. Askari wa mlangoni alikikagua miguu, hakuona silaha, akakiruhusu.

"Mheshimiwa Jaji," Thadeo alianza, "mbuzi wamekula pamba ya umma. Hilo halina ubishi."

"Sijakaa hapa kuamua nani mwenye mbuzi," Jaji alisema. "Hiyo kazi ni ya halmashauri yenu. Mimi naangalia mliifanyaje. Huyu mama aliambiwa tuhuma zake kabla ya kikao?"

"Hakuwepo, Mheshimiwa."

"Alipewa nafasi ya kujibu? Kuleta mashahidi wake? Kumwuliza maswali aliyesema amewaona mbuzi?"

"Ushahidi ulikuwa wazi. Hata angekuja, angesema nini?"

"Hilo ndilo wewe na mimi hatulijui, Ndugu Mwenyekiti. Na shahidi alipiga kura?"

"Alipiga."

"Na kiwanja alipewa nani?"

Thadeo alitazama dari. Kiti kililia kidogo, kama viti vinavyolia mtu mzito akikaa.

Jaji akatengua uamuzi. Alisema hata kama Jenoveva ana hatia kabisa, mtu hahukumiwi bila kusikilizwa, na mwenye maslahi katika shauri hawezi kuwa mwamuzi wake. Shauri lirudi kijijini, lianze upya. Jenoveva aelezwe tuhuma mapema na apewe muda wa kujiandaa. Thadeo na Masatu wasikae na waamuzi. Na sababu za uamuzi zisemwe wazi.

Kikao kipya kiliongozwa na makamu, Bernado, mtu mpole mwenye pamba yake Kunzugu. Thadeo alijiondoa, akaenda Bunda kwa shughuli zake. Kiti kilirudi chenyewe mbele ya meza. Jenoveva akakikalia, nacho kikatulia.

Masatu alirudia maneno yake: amewaona mbuzi wa Jenoveva, wawili, weusi, wakila pamba.

"Una swali kwa shahidi?" Bernado alimwuliza Jenoveva.

"Ninalo. Masatu, mbuzi wangu nilikuwaga nawafungia wapi?"

"Nyuma ya jiko."

"Wakati pamba inaliwa, walikuwa nyuma ya jiko?"

"Walikuwa shambani, si nimesema!"

"Walikuwa Kiriba. Niliwapeleka kwa dada yangu kabla hata pamba haijatoa maua, wauzwe tumtibu mama. Dada yangu yule pale, ameketi karibu na mlango. Mwulizeni."

Wakamwuliza. Dada alithibitisha, na akataja mnunuzi. Watu wakanong'ona.

"Sasa Mama Gati," Bernado alimwambia Jenoveva kwa uchungu, "jambo kubwa hivi, kwa nini hukulisema tangu mwanzo?"

"Nani aliniuliza?"

Bernado akatangaza: Jenoveva hana hatia, kwa sababu wakati huo hakuwa na mbuzi. Hawezi kufukuzwa tena. Ila kiwanja, alisema, kina tabu kidogo. Masatu ameshaezeka bati, na kubomoa nyumba yenye bati ni kurudisha maendeleo nyuma. Jenoveva atatafutiwa pengine, kule kwenye mawe.

"Basi mbuzi wale ni wa nani?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Wa Thadeo!" wakajibu wengi. "Nani mwingine ana mbuzi weusi? Afukuzwe!"

"Afukuzwe!" alisema Masatu pia, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jenoveva akasimama. "Thadeo hayupo. Mwacheni kwanza aje aulizwe."

"Ataulizwa nini, na sisi tunajua?" Bernado alisema, mikono yote ikapanda.

Viti kadhaa vilishaanza kuwafuata wajumbe kuelekea mlangoni. Ursula akavipisha.

Jenoveva alivipita njiani. Alimkuta Thadeo anashuka basi la Bunda, kofia mkononi, akifurahia kutembea peke yake.

"Keti hapo kwenye jiwe," alimwambia. "Kuna tuhuma juu yako. Nakueleza ili ujiandae, maana wao hawatakueleza."

Thadeo aliketi. "Lakini wameshaamua?"

"Wameshaamua."

"Sasa nijiandae kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya Jaji. Musoma ni mbali," alisema Jenoveva. "Anza na wale mbuzi. Ni wako, au si wako?"

Thadeo akafungua kinywa, na Jenoveva, ambaye hakuna aliyemsikiliza asubuhi ile ya uji, akanyamaza ili amsikie.