Kabichi za Matundu

Stoo ya shule ilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyomharibu Kabugho, mama aliyeiuzia shule kabichi. Tundu moja tu kwenye jani, kabichi inarudi ilikotoka. Mtunza stoo, Bwana Yonasani, alikuwa akizigeuza moja moja mlangoni kama anayekagua meno ya mbuzi sokoni. Themanini kila Jumanne, themanini kila Ijumaa. Ukirudishiwa mzigo mara mbili, mkataba unakwenda kwa Katembo, mkulima wa Kinyamaseke, aliyekuwa akiutolea macho tangu mwanzo wa muhula. Na bila fedha za mkataba, Mumbere, mtoto pekee wa Kabugho, anayesoma shule nyingine karibu na nyumbani, hasomi tena.

Sasa viwavi hawajui mkataba. Mvua ilipokatika kule kwao Bwesumbu waliingia shambani, na Kabugho akapiga dawa. Muuza dawa alimwambia wazi: ukishapiga, ngoja siku kumi na nne ndipo uvune. Siku kumi na nne! Shule inataka mzigo mara mbili kwa wiki, na yeye ana shamba moja. Alipiga Ijumaa, akavuna Jumatatu, akazifuta majani kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Aibu ya mara ya kwanza ilimkosesha usingizi. Ya tatu haikumkosesha hata chai.

Nyuma ya jiko lake alikuwa na tuta dogo lisiloguswa na dawa. Humo alichuma chakula chake na Mumbere, na humo alichuma kabichi mbili za kumpelekea Lakot kila alipoleta mzigo.

Lakot ndiye mpishi wa shule. Mumewe aliletwa Kasese na kazi ya saruji, akafia huko huko, akamwacha na Arthur, mtoto wa miaka mitatu mwenye kifua kibovu. Ni Lakot aliyemwendea mwalimu mkuu na kusema, huyu mama namjua, mpeni kazi. Kabugho hakusahau. Kwa hiyo wanafunzi mia tatu walipata kabichi nzuri, na rafiki alipata za matundu.

Jumanne hiyo Yonasani alikagua, akaridhika, akaenda kuandika. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa inachemka, imejaa kabichi za mzigo. Kabugho alipoingia kuaga, alimkuta Lakot anafunga kabichi mbili ndani ya leso. Nzuri, nzito, hazina hata doa.

"Hizo wewe napeleka wapi, dada?" Kabugho aliuliza.

Lakot akacheka. "Leo nachukua za watu wakubwa. Wewe kila siku naniletea kabichi ya matobo, kama mimi iko mbuzi! Nimebadilisha. Zako nimeweka pale, nitapikia shule. Hizi ni ya Arthur. Daktari alisema akule majani."

"Rudisha."

"Eh! Kabichi mbili tu?"

"Mama Arthur, rudisha. Chukua zile ya matobo."

"Sababu gani?"

Kabugho alitaka kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari, lakini akilini aliona kifua cha Arthur kinavyopanda na kushuka usiku.

"Hizo nilipiga dawa Ijumaa," alisema.

Lakot alizaliwa shambani, hakuhitaji kufafanuliwa. Kicheko kilimtoka usoni. Alitazama kabichi zilizo mikononi mwake, kisha zile za matundu kwenye beseni, kisha sufuria.

"Na za wiki ile?"

Kabugho aliitikia kwa kichwa.

"Wiki ile watoto sita walitapika bwenini. Tulisema ni malaria." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na Mumbere yako, yeye nakula kabichi gani?"

"Ya matobo," alisema Kabugho.

Kengele ikalia. Watoto wakaja mbio na sahani zao, wakapanga mstari hadi kwenye mti wa nje. Kabugho alimngoja Lakot apindue sufuria, na Mungu shahidi, alitamani aipindue. Lakot alishika mpini. Akatazama mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, kule alikosimama siku ile kusema namjua huyu mama. Wangefukuzwa wote wawili kabla ya jioni, na kifua cha Arthur kinataka dawa kila mwezi.

Akauachia mpini. Alizitupa zile kabichi nzuri kwenye shimo la taka, akazichukua za matundu kwa mikono miwili, akazifunga kwenye leso vizuri sana. Halafu akashika upawa.

"Asante, mama," alisema mtoto wa kwanza, akanyoosha sahani.

Lakot hakumtazama Kabugho tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Yonasani alikuja na daftari lake, amefurahi.

"Mama Mumbere, weka sahihi hapa. Ijumaa lete themanini tena, safi kama hizi hizi."

Kabugho akaweka sahihi.