Hata Awe Mwenyekiti

Barua kwa wanachama wa ushirika wetu wa maziwa niliiandika mwenyewe, mimi mwenyekiti: maziwa yaletwe kwa keni ya alumini, madumu ya plastiki marufuku, maana mikwaruzo yake huficha vijidudu hata yakioshwa. Mwishoni, kwa uroho wa makofi, nikaongeza: "Atakayekaidi atarudishwa, hata awe mwenyekiti." Nilipoisoma mkutanoni, walishangilia. Nikaiacha keni yangu mpya ofisini iwe mfano, nikaenda zangu kifua mbele.

Asubuhi nimeshakamua, keni iko wapi? Ofisini, kwenye maonyesho! Nikabeba dumu.

Shemeji yangu, mpokeaji maziwa, hakugusa hata kifuniko.

"Shemeji, barua hiyo nimeiandika mimi!" nikafoka.

"Na umeiandika vizuri," akajibu, akanirudishia dumu langu.

Foleni nzima ikapiga makofi makubwa kuliko ya mkutanoni.