Mkokoteni wa Ijumaa

Mimi sipendi kuitwa mkali. Lakini kama ukali ni kuuliza mtu "Umeandika?" kabla hajaanza kuongea, basi haya, mimi ni mkali, niacheni.

Mwaka ule wa sitini na tano chama chetu cha vijana hapa Shirere kilikuwa na mkokoteni mmoja wa ng'ombe, turubai moja, karabai mbili na viti thelathini. Mkokoteni tuliupata kwa mzungu aliyekuwa akifunga shamba lake kule Lugari. Magurudumu ya mpira, mbao nzito, kitu cha maana! Ulipofika tu, kila mtu akawa rafiki ya chama. Mwenyekiti wetu, Cornelius, alikuwa na mdomo mtamu. Akitoka kanisani ameahidi watu wawili, akifika sokoni Lubao ameongeza wa tatu. Jumamosi moja walikuja watu watatu na maksai wao, wakasimama mbele ya stoo wakitukanana mpaka ng'ombe wakashtuka.

Ndipo nikasema, leteni daftari la chama kwangu. Nikachora kalenda, ukurasa mmoja kwa kila mwezi, vyombo pembeni, tarehe juu. Ufunguo wa stoo nikaufunga kwenye kamba ya hilo daftari. Kanuni nikazisimamisha mimi: jina lililotangulia kuandikwa ndilo linachukua, anayeazima anasema siku ya kutoka na siku ya kurudi, na ahadi ya mdomo si ahadi, hata ikitoka kwa mwenyekiti. Cornelius alicheka, akasema nitaolewa na daftari. Nilimwambia afadhali daftari, halisahau.

Miezi minne hakukuwa na ugomvi hata mmoja. Nilijivuna, sitaki kuficha. Nilikuwa natembea Kakamega nzima kifua mbele.

Sasa, Mama Onesmus. Jina lake Risper, mjane, jirani yetu. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya mashamba ya Likuyani, yale ya wazungu yaliyogawanywa. Ekari zake mwenyewe, fikiria! Lakini afisa wa mashamba alimwambia wazi: Jumamosi tarehe mbili Oktoba, kabla ya saa sita mchana, awe amesimama kwenye shamba lake na vifaa vya nyumba. Asipoonekana, anaitwa anayefuata. Basi lingembeba yeye na watoto, lakini nani angepakia mabati, nguzo, jembe la kukokotwa, jiwe la kusagia na mbuzi wanne? Aliandikisha mkokoteni mapema, mwezi wa nane. Kutoka Jumatano tarehe ishirini na tisa Septemba, siku tatu njiani, kupumzisha maksai Jumapili, siku tatu kurudi.

Jumatatu ya wiki ile Cornelius akaja nyumbani. "Jescah, baba yako anauliza, Ijumaa mkokoteni auchukue saa ngapi?"

Nilipandwa na hasira! "Ijumaa gani? Umeanza tena, Cornelius? Umeahidi tena kwa mdomo? Mama Onesmus yuko njiani Ijumaa! Wewe mdomo wako ufungwe kwa waya!" Nilimsema mbele ya dada zangu, mbele ya majirani, sikubakisha kitu.

Alisubiri nimalize. Kisha akachukua daftari, akafungua Septemba. Risper, tarehe ishirini na tisa, thelathini. Akageuza ukurasa. Oktoba, tarehe mosi: Barasa, jina la baba yangu. Mwandiko wangu. Mviringo wangu wa B, hakuna mwingine Shirere anayeuandika vile.

Mwezi ulikuwa umeishia katikati ya safari ya Mama Onesmus. Nilijaza visanduku viwili vya Septemba, ukurasa ukaisha, na mimi nikaishia hapo. Baba alipokuja wiki mbili baadaye, nilifungua Oktoba, nikaona peupe, nikamwandika kwa furaha. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Pole, Cornelius," nikasema. Lilikuwa neno gumu kulitoa.

"Si kitu," akasema. "Sasa ni rahisi. Mjane atangoja. Wewe unaweza kumkatalia mzee wa kanisa? Baba yako?"

Na hapa mjue baba alitaka mkokoteni wa nini. Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita. Jumamosi ile fundi angeweka saruji kwenye kaburi, na wajomba, ndugu zake mama, walikuwa wamealikwa kuja kuona kwamba dada yao ametunzwa. Mchanga na mawe vilikuwa chini mtoni, na Ijumaa ndiyo siku ya kuvipandisha. Mikokoteni mingine yote ya jirani ilikuwa mashambani ikibeba mahindi. Niliizungukia yote jioni ile, nikarudi mikono mitupu. Wajomba wakifika wakute udongo mtupu, baba angeinamisha kichwa mbele yao mpaka kufa.

Nililia kidogo, kusema kweli. Kisha nikaenda kwake.

"Baba, shikamoo. Nimekosa. Nilikuandika siku ambayo ina mwenyewe."

Nikamweleza yote. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, hakukiweka chini.

"Nani anaweka hilo daftari?"

"Mimi, baba."

"Basi futa."

"Siwezi. Jina lake limetangulia. Akikosa Jumamosi, shamba linakwenda."

"Kwa hiyo mama yako ndiye angoje."

Lilinichoma. Nilitaka kusema ndiyo, nafuta, chukua. Mkono ulikuwa tayari kwenye kalamu. Lakini nilimfikiria Mama Onesmus na mbuzi wake wanne, nani wa kumsemea? Ningefuta kwa ajili ya baba yangu, kesho ningemwambia nini mtu mwingine?

"Makosa ni yangu, si yake," nikasema. "Mchanga nitaupandisha mimi."

"Utaupandisha na nini? Kwa kichwa?"

"Kwa kichwa."

Akaingia ndani na kikombe chake. Siku mbili hakunisemesha.

Jumatano alfajiri nilifungua stoo. Mama Onesmus alifika na maksai wa shemeji yake, nikakagua magurudumu naye, grisi, pini, mbao, akatia sahihi. Hakujua lolote, na sikumwambia. Akaondoka akiimba.

Kisha nikachukua debe, nikashuka mtoni. Alhamisi tulikuwa watatu. Ijumaa asubuhi chama kizima kilikuja, Cornelius mbele, akinitania kwamba shingo yangu imezama kama ya kobe. Mawe tuliyabeba wawili wawili kwa machela ya magunia. Na jioni kabla sijalala nikagundisha kurasa za daftari kwa uji wa unga, mwezi juu ya mwezi, likawa karatasi moja ndefu ya kubandika ukutani, kila safari ikipigwa mstari kutoka siku ya kutoka mpaka siku ya kurudi, bila kukatika.

Jumamosi wajomba walifika. Saruji ilikuwa bado mbichi, imesawazishwa vizuri. Mjomba mkubwa akapima rundo la mchanga uliobaki kwa macho, akauliza, "Shemeji, huu wote umeletwa na mkokoteni wa nani?"

Baba akasimama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hakuna mkokoteni," akasema. "Huyu binti yenu aliniandika vibaya, akaja akaniambia ni yeye amekosa, akakataa kumpokonya mjane. Ameubeba kwa kichwa, yeye na wenzake, siku tatu." Akaangalia kaburi. "Dada yenu naye angeninyima huo mkokoteni."

Mjomba akacheka kwa sauti. Baba akajaribu kucheka naye, ikashindikana. Akanishika bega, akanisogeza nisimame karibu naye, pale pale mbele ya watu wote, na akalia.