Muhula wa Kuazimwa

Shangazi alifika kwenye ofisi ya msajili wa chuo kabla mlango haujafunguliwa, na alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kuposa. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa vya harusini, vilimbana tangu siku aliyovinunua, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Nyuma yake alisimama binti wa kaka yake, mwanafunzi wa upimaji ardhi, akiomba wanafunzi wenzake wasipite.

"Shangazi, si ungenisubiri nyumbani tu?"

"Nikusubiri nyumbani, nani akusemee? Wewe ukiulizwa swali unajibu swali. Watu wa ofisini hawaendewi hivyo."

Binti huyo aliitwa Futi na dunia nzima, hata na walimu wake. Utotoni alipima kila kitu kilichokaa kimya: meza, mlango, babu akiwa amelala. Kwa hiyo aliposema chuoni anasomea kupima mashamba na barabara, hakuna aliyeshangaa. Waliposhangaa ni pale barua ilipokuja. Chuo chake kilikuwa kimempendekeza akasome muhula mmoja ng'ambo, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, na chuo cha huko kikajibu kuwa kinamkubali. Futi aliruka hadi akagonga kichwa kwenye kabati. Shangazi naye alipiga vigelegele, kisha akaketi, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Na nafasi yako ya hapa, nani ataishika?"

Swali hilo lilikuwa na historia. Ujanani Shangazi alikuwa chuo cha ualimu, na mama yake alipougua akaomba ruhusa kwa mdomo akauguze. Akaambiwa nenda, utarudi tu. Aliporudi jina lake halikuwepo, na aliyemwambia utarudi tu alikuwa amehamishwa. Akalia, akapangusa machozi, akaanza kukodisha sufuria, sahani na viti vya shughuli. Biashara ikanoga. Kila sufuria yake ina alama ya rangi nyekundu kitakoni, maana, kama anavyosema mwenyewe, kitu kisicho na alama kikienda kwa watu hakijui njia ya kurudi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shangazi aliapa kwamba binti huyu hataondoka kwa maneno matupu. Alimtuma kwenye dirisha la wanafunzi aulize wanaoondoka kwa muhula mmoja hujaza nini, akaletewa fomu, akaisimamia ijazwe kwa herufi kubwa, picha ikabandikwa, kaka yake, baba wa binti, akatia sahihi. Fomu nyingine, ile ya makubaliano ya masomo atakayosoma ng'ambo, Futi alikuwa ameijaza mwenyewe, lakini Shangazi akasema hiyo itasubiri, kwanza nafasi. Ikasubiri kweli, mpaka leo, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka makubaliano hayo ng'ambo.

Mlango ulipofunguliwa, msajili aliwakaribisha. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sweta la kijivu, na wanafunzi walimwita Bwana Hapana. Si kwamba alikuwa mkali. Ni kwamba neno hilo lilimtoka kirahisi, kama wengine wanavyopiga chafya.

"Shikamoo," alisema Futi.

"Marahaba. Mna nini?"

Shangazi hakungoja. "Bwana Msajili, huyu ni mwanangu. Anakwenda kusoma ng'ambo muhula mmoja. Sisi tunataka jambo moja tu: arudi aikute nafasi yake kama alivyoiacha, na atakachosoma huko kihesabiwe hapa. Tumejaza fomu. Gonga muhuri tukuache upumzike."

Msajili akaipokea fomu. Akachukua muhuri, akauinua. Futi akashusha pumzi. Halafu muhuri ukarudi mezani bila kugonga kitu.

"Hapana," alisema msajili.

Futi akaukodolea macho muhuri.

"Binti, unaacha masomo au unakwenda kusoma?"

"Nakwenda kusoma."

"Basi mbona umeomba kuahirisha?" Akaigeuza fomu wakaiona. "Hii ni ya mtu anayesimama. Anayeumwa, aliyejifungua, aliyekwama. Nikiigonga hii, muhula ujao wewe si mwanafunzi wetu. Na usipokuwa mwanafunzi wetu, sisi hatuna wa kumtuma. Wale wa ng'ambo wamekupokea kwa jina letu. Tukikutoa, nao watakutoa, na hata ungesoma huko vitabu vyote, sina pa kuziweka krediti zako, kwa kuwa muhula wenyewe nitakuwa nimeufunga."

Futi alimtazama Shangazi, na alichokiona kilimuuma kuliko habari yenyewe. Mwanamke yule aliyegombana na madalali wa mahema ya harusi bila kupepesa jicho alikuwa amekaa ameukumbatia mkoba, macho sakafuni.

"Mimi ndiye niliyemlazimisha," alisema Shangazi. "Mwenzenu nilipoteza nafasi kwa kutojaza karatasi. Nikaona mwanangu ajaze. Kumbe nilikuwa namfungia mlango kwa mikono yangu."

Futi akamshika mkono.

Msajili alikohoa. Akaichana fomu vipande viwili, akavitia kapuni bila papara. "Haijagongwa. Haijatokea kitu," alisema. "Sasa sikilizeni. Anatakiwa ajisajili hapa kama kawaida na alipe ada hapa kama kawaida. Kule halipi ada ya masomo, ndiyo maana ya kubadilishana. Kwenye kumbukumbu nitamwandika yuko masomoni ng'ambo. Hapo nafasi yake haigusiki. Lakini siwezi kumwandika hivyo bila makubaliano ya masomo yenye sahihi ya mkuu wa idara. Yako wapi?"

Futi akayatoa kwenye mfuko wa plastiki. Upande mmoja masomo ya ng'ambo, upande wa pili ya nyumbani yatakayofidiwa, na chini nafasi ya sahihi, nyeupe kabisa.

Kidole cha msajili kikashuka, kikasimama. "Upimaji wa Uwandani. Hili hapa kwetu hufundishwa muhula huo tu, mara moja kwa mwaka. Bila hili huruhusiwi kuanza mradi wa mwaka wa mwisho. Mkuu wako akikataa la ng'ambo kuhesabiwa badala yake, utarudi ukae mwaka mzima unalisubiri. Mkimbilie. Mimi nitakuwepo."

"Hutakwenda kula?" aliuliza Shangazi, sauti yake imeanza kurudi.

"Huwa nakwenda."

"Leo huendi. Mimi nakaa hapa mlangoni."

Futi alitoka mbio. Mkuu wa idara hakuwa ofisini; alikuwa uwanja wa mpira, kofia imemfunika hadi nyusi, akiwafokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioisimamisha darubini ya kupimia kwenye udongo laini ikawa inazama taratibu. Futi aliwasaidia kuihamisha, maana aliona mzee huyo hatasikia neno mpaka darubini yake ipone. Kisha akamweleza, akamkabidhi karatasi zake.

Mkuu wa idara akasoma muhtasari wa somo la ng'ambo, karatasi kwa karatasi, akiziegemeza kwenye goti.

"Wanapima vizuri," alisema. "Vifaa vyao mimi mwenyewe navionea wivu. Lakini wanapima, wanaondoka. Hesabu za kusahihisha makosa ya vipimo hazimo. Kwetu hiyo ni nusu ya somo. Nikikupitisha hivi, mwakani utaniletea mradi wenye daraja lisilokutana katikati."

"Zimo, mwalimu. Ila si katika somo hilo." Futi akafungua karatasi ya mwisho. "Wao wameziweka kwenye somo lake peke yake. Nami nimelichagua. Hili la tano. Nilifikiri nimelichagua kwa kupenda tu."

Mzee akasoma. Akarudia kusoma. Mwanafunzi mmoja akaita kwamba darubini inazama tena, na yeye akapunga mkono iachwe izame.

"Basi andika hivi," alisema. "Masomo yao mawili kwa moja letu. Ukifaulu moja tu, hujafaulu kitu. Na ukifika huko wakakwambia hili la hesabu limejaa, usibadilishe kwa akili yako. Niandikie kwanza, nikujibu kwa maandishi."

"Nitakuandikia, mwalimu."

"Wote husema hivyo," alisema, akatia sahihi juu ya goti lake.

Futi alirudi akitweta. Akakuta mlango wa msajili uko wazi, Shangazi amevua viatu, na Bwana Hapana anacheka, jambo ambalo chuo kizima kingelipa kiingilio kuliona. Walikuwa wakizungumzia viti vya harusi ya binti wa msajili.

"Nimemwambia nitampunguzia," Shangazi alieleza.

"Nami nimemwambia hapana," alisema msajili. "Nikishagonga muhuri wa mwanawe halafu nikae kwenye viti vya bei poa, watu watasemaje? Nitakodi kwa mwingine." Akanyoosha mkono. "Lete."

Alisoma yote tangu juu, bila haraka, huku Futi akiuma ukucha. Alipofika pale masomo mawili yalipoandikwa kwa moja, akatikisa kichwa akikubali.

"Krediti zitaingia. Alama za kule hazitaingia kwenye wastani wako, nitaandika umefaulu tu. Kwa hiyo usijisumbue kutaka kuwashinda, ila usifeli. Na matokeo wayatume wao moja kwa moja kwangu, usiyabebe wewe." Akainua muhuri. Ukagonga, na kalamu zikaruka mezani. "Umeruhusiwa."

Shangazi alipiga vigelegele vilivyowatoa makarani wa ofisi tatu. Mmoja alikuja na kikombe mkononi kuuliza nani ameolewa. Futi alicheka na kulia kwa pamoja. Makubaliano yalipigwa picha na kutumwa ng'ambo palepale, kwenye kompyuta ya msajili, na jibu la kwamba yamefika lilipokuja, Shangazi alidai lisomwe kwa sauti.

"Bwana Msajili," alisema baadaye, akijilazimisha kurudi kwenye viatu vyake, "naomba na mimi nione jina lake."

Msajili hakusema hapana. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wake. Jina la Futi lilikuwa pale, kati ya majina mengine ya darasa lake, na mbele yake: yuko masomoni ng'ambo. Shangazi alilitazama kwa muda mrefu. Hakugusa kioo, alisogeza kidole karibu tu.

"Lipo," alisema.

"Lipo, mama. Na litakuwepo."

Siku ya safari nyumba ilijaa watu, kila mmoja na ushauri wake kuhusu baridi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Futi alipoinamisha sanduku kulipakia garini, vidole vyake vikanata. Akatazama chini. Kitakoni mwa sanduku kulikuwa na alama nyekundu, rangi mbichi bado.

"Shangazi! Si nimeshaandikwa chuoni?"

"Huko umeandikwa na wao," alisema Shangazi, akificha brashi nyuma ya gauni lake la harusini. "Hapa nimekuandika mimi."